Orodha ya watu 30: kisa cha upunguzaji kwenye kiwanda cha korosho Mtwara

Kiwanda ninachokieleza hapa nimekibuni, ila sheria niliyokipitishia ni ile ile inayotumika kila siku. Kipo Mtwara mjini, kinabangua korosho, kina wafanyakazi 84 wa mshahara wa mwezi. Kati yao 52 wako kitengo cha kumenya na kuchambua, karibu wote wanawake, wengi wametoka Newala na Tandahimba, wanaishi Chikongola na Chuno. Wengine wako kwenye tanuri, ubanguaji, ufungashaji, ghala na ufundi.

Biashara yenyewe ni ngumu. Korosho ghafi hununuliwa mnadani kuanzia Oktoba, na mbanguaji wa hapa anashindania gunia moja na mnunuzi anayelisafirisha India au Vietnam. Mwenye kiwanda akaona pa kubana ni gharama za kumenya. Februari akasaini mkataba wa kununua mashine mbili: moja ya kumenya kwa upepo, nyingine ya kuchambua kwa kamera. Zingefika mwishoni mwa Julai, na kwa hesabu yake nafasi 30 zisingehitajika tena.

Wafanyakazi hawakuambiwa kitu hadi Juni. Tarehe 2 Juni barua zikagawiwa kwa watu 30: kutokana na mabadiliko ya kiteknolojia, ajira yako itakoma tarehe 30 Juni, hii ni notisi yako ya siku 28. Tarehe 3 Juni kikaitishwa kikao ghalani, na muhtasari wake ukaandikwa juu kabisa: "Kikao cha mashauriano."

Hizo tarehe mbili zinaeleza kisa kizima. Barua ni ya tarehe 2, mashauriano ni ya tarehe 3.

Watu wengi wakipata barua ya namna hii huanza kupigana na mashine. Wanasema mwajiri anatafuta kisingizio, kiwanda kinapata faida, kwa nini watu watolewe. Huko ni kupoteza nguvu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamruhusu mwajiri kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Namba 42) zinazitaja kuwa ni za kiuchumi, za kiteknolojia au za kimuundo. Mashine mpya ni sababu halali. Ila sheria inamtaka mwajiri athibitishe vitu viwili, sababu halali na utaratibu wa haki, na kimoja hakifidii kingine. Katika kesi za kupunguzwa, nionavyo mimi, mwajiri hukwama mara nyingi zaidi kwenye utaratibu.

Kifungu cha 38 kinasema mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza mara tu wazo linapojitokeza. Ni kusudio hilo, halijawa uamuzi. Kisha atoe taarifa zote zinazohusika ili mashauriano yawe na maana, na ashauriane kuhusu mambo matano: sababu ya kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuwachagua wa kutoka, wakati wa kutekeleza, na kiinua mgongo. Anashauriana na chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa pale kazini. Kama kuna chama kilichosajiliwa chenye wanachama ambao hawawakilishwi na kile kilichotambuliwa, nacho kinaitwa, na wasiowakilishwa na chama chochote wanaitwa wenyewe. Kiwanda hiki kilikuwa na tawi lililotambuliwa. Mwenyekiti wake, mama mwenye miaka kumi na kitu kwenye meza ya kuchambua, alizipata habari pamoja na wenzake, bahasha mkononi.

Kikaoni meneja utumishi alisema, "Ndugu zangu, tumewaita tushauriane." Mwenyekiti akamjibu, "Mheshimiwa meneja, barua yangu inasema naondoka tarehe 30. Sasa tunashauriana nini, rangi ya bahasha?" Ghala zima likacheka. Meneja hakuwa na jibu, na wakili wake baadaye naye hakulipata.

Alichojaribu kukieleza meneja ni kwamba mambo yalikuwa ya haraka, mashine ziko njiani, msimu unakaribia. Kanuni zinakubali kwamba haraka ya kweli inaweza kufupisha mashauriano, lakini papo hapo zinakataa haraka ambayo mwajiri ameisababisha mwenyewe kwa kuchelewa kuanza. Mkataba wa mashine ulisainiwa Februari. Ukihesabu kutoka hapo, mwajiri alikuwa na zaidi ya miezi mitatu ya kuzungumza na hakuitumia.

Siku hiyo hiyo tawi liliandika barua fupi kuomba taarifa. Barua hiyo ni funzo kwa sababu haikulalamika, iliomba vitu vinavyotajika: uwezo wa mashine kwa saa, mpango wa uzalishaji wa msimu unaokuja, orodha ya wafanyakazi wote 52 wa kitengo na tarehe zao za kuajiriwa, karatasi ya alama iliyotumika kuwachagua wale 30, na njia mbadala ambazo uongozi ulizifikiria kabla ya kuamua. Uongozi ukajibu kwamba hizo ni siri za biashara. Bei ya mashine inaweza kuwa siri, na tawi halikuiomba. Lakini huwezi kujadili kama watu 30 ni wengi au wachache bila kujua mashine inamenya kilo ngapi.

Karatasi ya alama ilipatikana hatimaye, na hapo ndipo kisa kilipobadilika sura.

Kila mfanyakazi alipimwa kwa alama 100: mahudhurio 40, kasi 30, nidhamu 20, miaka kazini 10. Kwa macho inapendeza, ina namba na haitaji jinsia wala mimba. Waliopata alama za chini ndio waliotolewa. Sasa mchukue mmenyaji mmoja mwenye miaka tisa na miezi minane kazini, ambaye ndani ya mwaka uliopimwa alijifungua na kuchukua likizo yake ya uzazi ya siku 84, ambayo ni haki yake kisheria na inalipwa.

Mahudhurio yalipangwa kwa makundi. Aliyekosekana siku zisizozidi 5 alipata alama zote 40, na aliyekosekana zaidi ya siku 30 alipata sifuri. Siku 84 ni wiki 12, na kwa juma la siku sita ni siku 72 za kazi. Karani aliyejaza karatasi aliandika "hayupo 72" na kumpa sifuri. Likizo halali ikahesabiwa utoro.

Akapigwa tena kwenye kasi. Kiwanda kilihesabu siku za kazi za mwaka, likizo ya mwaka ikiwa imeondolewa, kuwa 288. Mama huyu alikuwa kazini siku 216, na kila siku alimenya kilo 8, yaani kilo 1,728 kwa mwaka. Ukigawa kwa siku alizofanya kazi unapata 8, kasi ya wale wazuri wa kitengo. Karani aligawa kwa 288, akapata 6, kasi ya anayejifunza. Hakuna aliyedanganya. Kanuni ya hesabu ndiyo iliyokuwa mbovu, na likizo moja ikamgharimu mtu mara mbili kwenye karatasi moja.

Nilivyoeleza ndivyo Kanuni zinavyoonya: kigezo kinachoonekana hakina upande kichunguzwe kwa makini kisije kikazaa ubaguzi kinapotumika. Namna ya kukichunguza ni rahisi. Usiishie kusoma kigezo, tazama kimemwangukia nani. Tawi lilihesabu wanawake wote wa kitengo waliochukua likizo ya uzazi mwaka ule, wakawa 7. Wote 7 walikuwa kwenye orodha ya kuondoka. Mwajiri angeweza kujitetea kuhusu mmoja au wawili. Kwa saba kati ya saba, karatasi yake mwenyewe ilikuwa inamshitaki, kwa maana sheria inakataza kumbagua mfanyakazi kwa mimba na inasema wazi kwamba mimba si sababu halali ya kumwachisha kazi.

Alama za nidhamu zilikuwa na ugonjwa mwingine. Zilitolewa na msimamizi kwa kichwa, bila faili. Viongozi wawili wa tawi walipewa 5 kati ya 20 na hakuna kati yao aliyewahi kuandikiwa onyo. Pengine ni bahati mbaya. Lakini kigezo kisichoweza kukaguliwa kwenye kumbukumbu si cha haki hata kama aliyekitumia ana moyo safi, na kumwondoa mtu kwa shughuli zake za chama kumekatazwa kama kulivyokatazwa kwa mimba.

Kulikuwa na dosari ndogo pia. Mmoja wa wale 30 alikuwa likizo ya mwaka barua zilipotoka, akapelekewa nyumbani. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala siku zake haziendi sambamba na likizo. Yake haikuwa notisi.

Mashauriano yasipofikia makubaliano, kifungu cha 38 kinaelekeza suala lipelekwe kwenye usuluhishi. Tawi lilifungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema Juni, ajira zikiwa bado hai, na hilo lilisaidia sana. Tofauti ya kwenda kabla na kwenda baada ya kuachishwa ni kubwa. Kabla, mnazungumzia nafasi za kazi. Baada ya hapo mnazungumzia fidia, na saa inakimbia: malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanafunguliwa ndani ya siku 30, vinginevyo unaanza kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyochelewa. Kuna watu hukaa wakisubiri "viongozi wanaongea na tajiri" mpaka siku zinakwisha. Maongezi hayo hayasimamishi saa.

Mbele ya msuluhishi hakukuwa na mabishano marefu. Msuluhishi aliweka mezani mkataba wa Februari, barua za tarehe 2 na muhtasari wa tarehe 3, akamuuliza wakili wa kampuni kama yuko tayari kwenda navyo hatua ya uamuzi. Tarehe 18 Juni kampuni ikaziondoa barua zote 30 kwa maandishi. Tarehe 20 ikatoa taarifa mpya ya kusudio, safari hii ikiwa na uwezo wa mashine, mpango wa msimu na orodha kamili ya kitengo.

Vikao vya Julai vilikuwa mashauriano ya kweli, na unaweza kujua hilo kwa kuangalia kilichobadilika. Mwenyekiti aliuliza nani ataendesha mashine, nani atarudia kuchambua korosho ambazo kamera imezikataa, nani atafungasha kiasi kilichoongezeka. Meneja uzalishaji, ambaye hakuwa ameulizwa hapo kabla, akakiri zinahitajika nafasi 6 ambazo hazikuwa kwenye mpango. Watu 6 wa kumenya wakapangiwa mafunzo na kuhamishiwa huko. Watano wengine, wengi wao wa umri mkubwa, wakasema wako tayari kutoka wakilipwa vizuri. Kwa hiyo wa kuchaguliwa hawakuwa 30 tena, walikuwa 19.

Kwa hao 19 walikubaliana kutumia utaratibu wa aliyeingia mwisho atoke kwanza ndani ya kitengo kizima cha watu 52. Kanuni zinaukubali kama kipimo cha haki, na faida yake kubwa ni kwamba unasomeka kwenye barua ya ajira, hakuna msimamizi wa kuugeuza. Una ubaya wake pia: unawaumiza vijana, na unaweza kumwacha mwajiri bila ujuzi anaouhitaji, ndiyo maana kuondoa mtu mwenye ujuzi maalumu kwenye foleni kunaruhusiwa. Hapa walikubaliana kwa maandishi kwamba wasichana wawili wageni waliokwisha kusomea uendeshaji wa mashine ya kamera wasiguswe. Wengine wote walipangwa kwa tarehe. Mmenyaji wetu wa miaka tisa akabaki, na hakuhitaji upendeleo wowote.

Kuhusu wale watano nina neno. Meneja utumishi alikuwa amewaandalia barua za kusaini zenye kichwa "Kuacha kazi kwa hiari." Ilionekana ni heshima, kumbe ilikuwa hatari. Kiinua mgongo cha kisheria hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira, na anayejiuzulu mwenyewe anaweza kujikuta hana dai, hata fao la upotevu wa ajira la NSSF likamponyoka. Tawi likataka barua zisomeke kwamba ajira imesitishwa kwa upunguzaji, mfanyakazi akiwa ameridhia. Maneno machache tu, na ndiyo yaliyokuwa na fedha ndani.

Sasa malipo. Mfano wa kwanza ni mmoja wa wale 19, mwenye miaka mitatu na miezi 11, mshahara wa msingi shilingi 390,000. Mshahara wa mwezi hugeuzwa kuwa wa siku kwa kugawa kwa 4.333 mara siku za kazi za juma. Kwa siku sita, 4.333 mara 6 ni karibu 26, na 390,000 ukigawa kwa 26 ni 15,000 kwa siku. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hiyo kila mwaka una thamani ya 105,000. Miezi yake 11 haihesabiki kwa sababu mwaka haujatimia. Anapata miaka mitatu, 315,000. Inauma, lakini sheria ndivyo ilivyo, na mwezi mmoja zaidi kwenye tarehe ya kutekeleza ungempa mwaka wa nne. Ndiyo maana "wakati wa kutekeleza" ni moja ya mambo matano ya kushauriana. Tawi lililiona hili kwa kuchelewa, tarehe ikiwa imeshakubaliwa.

Notisi yake ilitolewa tarehe 1 Agosti na ajira ikakoma tarehe 31, muda unaozidi siku 28 zinazotakiwa kwa wa mshahara wa mwezi. Aliifanyia kazi, kwa hiyo hakuna malipo badala ya notisi, bali mshahara wake wa Agosti, 390,000. Likizo ya mzunguko ambao haujakamilika hulipwa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13. Yeye alikuwa na siku 130, akapata siku 10, yaani 150,000. Jumla 855,000, pamoja na cheti cha utumishi. Michango yake ya NSSF ni kitu kingine kabisa, na haikatwi wala kuhesabiwa humo.

Mfano wa pili ni mmoja wa wale watano, mwenye miaka 14 na mshahara ule ule. Kima cha kisheria kinaishia miaka 10, kwa hiyo kisheria angepata 1,050,000 na miaka yake minne ingepotea. Siku 7 na ukomo wa miaka 10 ni sakafu tu, na mwajiri aliyetaka watu waondoke kwa amani alikubali siku 10 kwa kila mwaka bila ukomo kwa waliojitokeza. Siku 140 kwa 15,000 ni 2,100,000, mara mbili kamili ya alichostahili. Iliandikwa kwenye makubaliano yaliyosainiwa na pande zote. Makubaliano ya namna hii ukishayasaini na kupokea fedha, kuyafungua baadaye ni kazi ngumu sana, kwa hiyo hesabu zilisomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, kabla ya kalamu kutoka.

Mmoja kati ya wale waliopangiwa kuhamishwa alipewa nafasi kwenye ghala la kununulia korosho Nachingwea, mshahara ule ule. Akakataa, ana watoto wawili shuleni Mtwara. Meneja alitaka kumnyima kiinua mgongo, kwa kuwa aliyepunguzwa akikataa kazi mbadala bila sababu ya msingi hukikosa. Neno linalobeba uzito hapo ni sababu ya msingi. Kuhamisha familia mkoa mwingine ni sababu ambayo mtu yeyote anaielewa, na meneja akarudi nyuma. Nafasi ya Nachingwea ikachukuliwa na mmoja wa wale 19 aliyekuwa na ndugu huko, na yule aliyekataa akatoka mahali pa huyo na kulipwa chake.

Likabaki suala la nauli. Wamenyaji kadhaa walidai kusafirishwa kurudi Newala. Sheria inazungumzia mahali mtu alipoajiriwa, haizungumzii nyumbani kwao, na wao waliajiriwa getini, hapo hapo Mtwara. Hawakupata. Fundi wa mashine za zamani, ambaye nafasi yake iliunganishwa na nyingine wakati wa vikao vya Julai, alikuwa ameajiriwa Dar es Salaam na barua yake inasema hivyo. Huyo alistahili kusafirishwa na mizigo yake, au kulipwa gharama zake, na posho ya kujikimu kwa kila siku kuanzia ajira ilipokoma mpaka siku ya kusafirishwa. Kampuni ilichelewa kupata lori kwa siku tisa. Mhasibu aliona posho inavyopanda, akapiga simu tatu asubuhi moja, lori likapatikana mchana.